Mlianzia Wapi? Swali la Kamati ya Ukaguzi kwa Mkaguzi wa Hesabu

*Mazungumzo kwa wakazi kuhusu jinsi Kamati ya Ukaguzi inavyosimamia ukaguzi wa hesabu za kaunti*



Kila mwaka ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotoka, redio hutangaza, magazeti huandika, na kwenye vituo vya matatu watu huulizana: kaunti yetu imepata alama gani? Kuna ripoti safi, kuna yenye kasoro, kuna hasi, na kuna ile ambayo mkaguzi anasema hakupata ushahidi wa kutosha hata kutoa maoni. Mazungumzo ya leo hayahusu alama. Yanahusu miezi ile kabla alama haijatolewa, na kikundi kidogo cha watu ambao wakazi wengi hawajawahi kusikia habari zao, yaani Kamati ya Ukaguzi. Kikundi hiki kikiuliza maswali yanayofaa, mwanakandarasi aliyechimba kisima mwaka jana anaweza kuonekana kwenye vitabu vya kaunti. Kisipouliza, mtu huyo anaweza kudai hadi nywele zikaota mvi.

Kamati gani hii?

Kwanza, tusiichanganye na kamati ya bunge la kaunti inayochunguza hesabu za umma. Ile ni ya waheshimiwa madiwani, nayo huipokea ripoti ikiwa tayari imeshaandikwa na kuwaita maafisa wajibu. Kamati ya Ukaguzi iko ndani ya serikali ya kaunti yenyewe. Inatokana na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 na kanuni za kaunti za mwaka 2015. Ina wanachama watatu hadi watano, mwenyekiti wake hutoka nje ya serikali ya kaunti, na inapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Wakaguzi wa ndani huiletea ripoti zao. Nayo ndiyo yenye jukumu la kufuatilia kama mapendekezo ya wakaguzi, wa ndani na wa nje, yametekelezwa.

Mkaguzi wa nje wa kaunti ni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Katiba, kifungu cha 226, inasema hesabu za serikali zote zitakaguliwa naye. Hapa ndipo kamati ya kaunti inapotofautiana na ile ya benki au kampuni. Kamati ya kampuni humtafuta mkaguzi, hukubaliana naye ada, na asiporidhisha humbadilisha. Kamati ya kaunti haimchagui Mkaguzi Mkuu wala haiwezi kumfuta. Anahudumu kwa miaka minane, kipindi kimoja tu, na Katiba inailinda ofisi yake isipokee maagizo ya mtu yeyote.

Basi mtu atauliza, kama kamati haimwajiri wala haimwamuru, inasimamiaje ukaguzi? Inasimamia kwa kuuliza. Inauliza kabla kazi haijaanza, inauliza kazi ikiendelea, na inauliza kabla ripoti haijatiwa saini. Tena inahakikisha kwamba maafisa wa kaunti wanampa mkaguzi kila anachohitaji, kwa wakati. Mkaguzi ndiye anayeamua la kufanya. Lakini swali zuri humfikisha mahali ambapo huenda asingefika, maana wanachama wa kamati wanaijua kaunti yao kuliko kijana wa ukaguzi aliyefika kwa majuma machache.

Kalenda haisubiri

Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Kufikia tarehe 30 Septemba, kaunti iwe imepeleka taarifa zake za fedha kwa Mkaguzi Mkuu. Kufikia tarehe 31 Desemba, Mkaguzi Mkuu awe amekamilisha ripoti. Baada ya kuipokea, bunge lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua.

Tazameni vizuri. Kati ya Oktoba na Desemba ni miezi mitatu tu, na ofisi hiyo hiyo inakagua kaunti zote 47, wizara za serikali kuu, mashirika na hazina nyinginezo. Kamati inayongoja hadi Desemba ndipo ikutane na wakaguzi imeshachelewa. Kikao cha kwanza kinafaa kufanyika wakati mkaguzi bado anapanga kazi.

Madeni ya wanakandarasi, mfano wa kufuata

Mambo ambayo kamati inaweza kuuliza ni mengi. Leo tufuate moja tangu mwanzo hadi mwisho, nalo ni madeni ambayo kaunti haijalipa: pesa za wanakandarasi waliojenga, wafanyabiashara walioleta dawa, na mama aliyepika chakula cha semina.

Si jambo dogo. Mkaguzi Mkuu alipofanya ukaguzi maalum wa madeni ya kaunti yaliyokuwepo tarehe 30 Juni 2018, kaunti zilidai kwamba kwa jumla zinadaiwa takriban Sh89 bilioni. Yaliyothibitishwa kuwa halali ya kulipwa yalikuwa takriban Sh51 bilioni. Yaliyobaki hayakuwa na hati za kutosha.

Habari hiyo inatufundisha upande mmoja wa tatizo: deni lililo kwenye orodha ingawa haliwezi kuthibitishwa. Lakini upo upande wa pili, ulio mgumu zaidi kuuona, nao ni deni la kweli ambalo haliko kwenye orodha. Kazi imefanywa, mhandisi ameipima, cheti cha malipo kimetiwa saini, lakini ankara imelala kwenye droo. Mtu huyo hahesabiki. Bajeti ya mwaka ujao ikitengenezwa, hatengewi hata senti.

Mkaguzi hutumia njia moja kwa upande wa kwanza na njia tofauti kabisa kwa upande wa pili. Kamati isiyoijua tofauti hiyo itaambiwa "tumekagua madeni" na itaridhika.

Kaunti ya mfano

Tuchukue kaunti ya kubuni tu, ili hesabu zieleweke. Kwa mwaka mzima imetumia Sh8 bilioni. Imeleta orodha ya madeni ya tarehe 30 Juni yenye ankara 412, jumla yake Sh620 milioni.

Katika kikao cha kupanga, swali la kwanza la kamati ni hili: "Kosa la ukubwa gani ndilo mtakalolihesabu kuwa zito?" Mkaguzi hakagui kila shilingi. Huweka kiwango, na kosa linalovuka kiwango hicho ndilo linaloweza kumpotosha msomaji wa hesabu. Katika sekta ya umma wakaguzi wengi hukipima kwa jumla ya matumizi, mara nyingi kati ya asilimia 0.5 na asilimia 2. Tuseme hapa mkaguzi amechagua asilimia 1. Kwa matumizi ya Sh8 bilioni, kiwango ni Sh80 milioni.

Kamati haiwezi kumpangia kiwango hicho. Inaweza kumuuliza amekifikiaje, na kama kuna maeneo ambayo atatumia kiwango cha chini zaidi. Kwa mfano, Sh3 milioni zilizopotea katika hazina ya basari haziwezi kufunikwa na kiwango cha Sh80 milioni, kwa sababu pale kuna karo za watoto. Tena uhalali wa matumizi ni suala la peke yake. Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu athibitishe kama pesa za umma zimetumika kisheria na kwa manufaa, na malipo haramu hayawi halali kwa kuwa ni madogo.

Sasa kazi inaendelea. Mwezi wa Novemba, kiongozi wa timu ya ukaguzi anaieleza kamati: "Katika madeni tumechagua ankara 60 kubwa zaidi, zenye jumla ya Sh430 milioni. Tumeona mikataba, vyeti vya mhandisi na hati za kupokea bidhaa. Zote ziko sawa."

Ukisikia hivyo unafurahi. Ankara 60 zimebeba zaidi ya thuluthi mbili ya deni lote, na hakuna kasoro. Lakini mwanachama mmoja anauliza swali fupi: "Mlianzia wapi?"

Jibu: "Tulianzia kwenye orodha tuliyopewa na Hazina ya Kaunti."

Hapo ndipo penye shida. Ukianza na orodha ukaenda kutafuta hati, unathibitisha kwamba kilichoandikwa kipo. Hutajua kamwe kilichoachwa nje. Ni kama mwalimu anayeita majina ya daftari la darasa ili ajue kama kuna mtoto ambaye hakuandikishwa. Ataita hadi jioni, na kila jina litaitika, huku yule asiyeandikishwa akiwa amekaa chini ya mwembe nje ya uwanja.

Ili kupata deni lililoachwa, mkaguzi hana budi kuanzia nje ya orodha kisha arudi kwenye orodha. Zipo njia tatu za kawaida.

Ya kwanza ni malipo ya baada ya mwaka kufungwa. Unachukua malipo yaliyofanywa Julai, Agosti na Septemba, na kwa kila moja unaangalia kazi ilifanywa lini. Kazi ikiwa ilikamilika kabla ya tarehe 30 Juni, hilo lilikuwa deni siku hiyo na lazima liwe kwenye orodha.

Ya pili ni rejista ya mikataba iliyoko katika kitengo cha ununuzi. Kwa kila mkataba mkubwa unauliza: thamani yake ni ngapi, vyeti vilivyotolewa na mhandisi ni vya kiasi gani, na kilicholipwa ni kiasi gani? Tofauti kati ya vyeti na malipo ni deni.

Ya tatu ni kumwandikia mdai mwenyewe. Mkaguzi anamuuliza mwanakandarasi moja kwa moja kaunti inamdai au inadaiwa naye kiasi gani, na jibu linarudi kwa mkaguzi bila kupitia mikononi mwa maafisa wa kaunti. Katika kuchagua wa kuandikiwa, wasiwe ni wale wenye madeni makubwa kwenye orodha pekee. Wawemo pia wale waliofanya kazi nyingi mwaka huo ingawa orodha inaonyesha hawadai kitu.

Katika kaunti yetu ya mfano, mkaguzi anakubali hoja na anarudi kazini. Akipitia malipo ya Julai hadi Septemba anapata ya Sh95 milioni ambayo kazi zake zilikamilika kabla ya tarehe 30 Juni. Katika hizo, Sh37 milioni zilikuwa kwenye orodha na Sh58 milioni hazikuwemo. Akipitia rejista ya mikataba anakuta barabara ya kifusi ambayo cheti chake cha Sh34 milioni kilitiwa saini tarehe 18 Juni. Cheti hicho hakijalipwa hadi sasa na hakimo kwenye orodha. Jumuisha Sh58 milioni na Sh34 milioni unapata Sh92 milioni, zaidi ya kile kiwango cha Sh80 milioni.

Orodha ile ile iliyokuwa "sawa" kwa ankara zake 60 sasa ina pengo zito. Hakuna aliyeghushi hati wala aliyedanganya mkaguzi. Aliulizwa tu alikoanzia.

Swali la pili: kwa nini?

Kamati isiyofika kwenye chanzo itapata orodha iliyosahihishwa mwaka huu na pengo jingine mwaka ujao. Kwa hivyo, baada ya kujua kiasi kilichoachwa, inamuuliza mkaguzi: "Mliona udhibiti gani ulioshindwa?"

Mara nyingi chanzo huwa hivi. Malipo ya kaunti hupitia mfumo wa IFMIS. Kifungu cha bajeti kikiisha, ankara mpya haipiti. Mwezi wa Juni pesa za barabara zimekwisha, lakini mwanakandarasi alikuwa ameshaambiwa aanze kazi. Mhandisi anatia saini cheti kwa sababu kazi ameiona. Cheti kinapelekwa idarani, mhasibu anakiweka pembeni angoje bajeti ya Julai. Hazina inapotengeneza orodha ya madeni inachukua yaliyo kwenye mfumo, na cheti kile hakimo.

Makosa basi ni mawili. La kwanza, kazi ilianzishwa bila kuhakikisha kwamba kifungu kina pesa. La pili, idara haina daftari la vyeti na ankara zilizopokelewa, lenye tarehe ya kupokea, ambalo Hazina ingelilinganisha na mfumo. La kwanza ni suala la sheria, na litaonekana katika sehemu ya ripoti inayohusu uhalali wa matumizi. La pili ni suala la udhibiti wa ndani, ambalo lina sehemu yake pia. Kamati yafaa imuulize mkaguzi ameyaweka wapi, kwa sababu wakati mwingine kosa la udhibiti hutajwa kama tarakimu tu na dawa yake haiandikwi.

Wengine husema, "Hayo ni madeni, hayajalipwa, yanaharibu nini katika hesabu?" Chini ya uhasibu wa pesa taslimu, uliotumiwa na kaunti kwa miaka mingi, matumizi huandikwa pesa zinapotoka, na madeni ya aina hii huwekwa kwenye viambatisho mwishoni mwa taarifa. Lakini serikali iliidhinisha kuhamia uhasibu unaotambua deni mara kazi inapokamilika, kuanzia tarehe 1 Julai 2024, kwa kipindi cha mpito cha miaka mitatu. Chini ya mfumo huo deni linaingia katika hesabu zenyewe. Sh92 milioni zilizoachwa zinaonyesha matumizi madogo kuliko ya kweli na dhima ndogo kuliko ya kweli. Kosa la orodha sasa linaweza kubadilisha maoni ya mkaguzi moja kwa moja.

Makosa yasiyosahihishwa

Kabla ya ripoti kukamilika, kamati iombe karatasi moja: orodha ya makosa yote ambayo mkaguzi ameyapata na wasimamizi hawajayasahihisha, pamoja na sababu.

Karatasi hiyo husema mengi. Tuseme wasimamizi wamekubali kuongeza Sh58 milioni kwenye madeni lakini wamekataa zile Sh34 milioni za barabara, wakidai cheti kina utata. Kosa lililobaki ni Sh34 milioni, chini ya kiwango cha Sh80 milioni, na mkaguzi anaweza kuliacha bila kubadilisha maoni. Kamati haitakiwi kuishia hapo. Inaita idara na kuuliza utata uko wapi. Je, mhandisi ameifuta saini yake? Je, vipimo vimerudiwa? Kama hakuna barua wala vipimo vipya, hakuna utata. Kuna deni ambalo halitakiwi kuonekana.

Kamati pia itazame upande ambao makosa yanaelekea. Makosa ya bahati mbaya huenda pande zote, mengine yanaongeza na mengine yanapunguza. Yakiwa yote yanapunguza deni, hata yakiwa madogo madogo, mkaguzi aulizwe kama amelifikiria hilo.

Dakika 30 bila wasimamizi

Kuna kikao ambacho hakiwezi kuachwa. Kamati na wakaguzi wanabaki chumbani peke yao. Afisa mkuu wa fedha anatoka, na hata mkaguzi wa ndani anaweza kuombwa atoke kwa muda. Maswali ni machache.

"Mliomba hati gani, lini, na zikaletwa lini?" Kamati isikubali jibu la jumla kama "ushirikiano ulikuwa mzuri". Iombe tarehe. Katika ripoti za kaunti, mojawapo ya hoja zinazojirudia ni kwamba hati hazikutolewa wakati wa ukaguzi. Halafu afisa huyo huyo hufika mbele ya bunge akiwa na faili mkononi, akisema hati zipo. Hati zinazopatikana baada ya ripoti haziwezi kubadilisha ripoti iliyokwisha kutolewa. Kamati ikijua Oktoba kwamba idara ya afya haijaleta vocha 14, inaweza kumwita afisa mkuu wa afya Oktoba hiyo hiyo. Kumnyima mkaguzi hati bila sababu ni kosa kisheria, na afisa akumbushwe hivyo kabla mambo hayajaharibika.

"Kuna aliyewaomba mlegeze hoja au mbadilishe sampuli?" Swali hili linaonekana kali, lakini likiulizwa kila mwaka linakuwa la kawaida, na mkaguzi kijana anapata nafasi ya kusema bila kuonekana mchongezi.

"Mngeongezewa majuma mawili, mngerudi wapi?" Hili ndilo linaloonyesha mahali ambapo ukaguzi ni mwembamba. Mkaguzi akijibu, "Tungerudi kwenye ghala za dawa za hospitali ndogo, tulifika moja tu," kamati imepata kazi ya mkaguzi wa ndani kwa robo ya kwanza ya mwaka.

Mipaka

Kamati ina mipaka yake, na kuivuka ni hatari kama kulala. Haijadiliani na mkaguzi kuhusu aina ya maoni atakayotoa. Haiombi hoja iondolewe kwa sababu italeta aibu. Haiandiki majibu ya hoja, maana majibu ni ya afisa mwenye dhamana ya pesa za idara. Kanuni zinasema wazi kwamba usimamizi wa hatari na udhibiti hubaki mikononi mwa wasimamizi. Siku kamati itakapoanza kuwajibia, haitaweza tena kuwauliza.

Vilevile, si kila jambo lazima lingoje mkaguzi wa nje. Lile jaribio la malipo ya Julai hadi Septemba mkaguzi wa ndani anaweza kulianza mapema, ankara zikiwa bado mbichi, na kuliendeleza kila mwezi. Kamati ikilipanga hivyo, orodha ya madeni inasahihishwa kabla ya tarehe 30 Septemba, na mkaguzi wa nje anakuja kuthibitisha kazi ambayo imeshafanywa. Hilo ni nafuu kwa kila mtu, hasa kwa mwanakandarasi.

Baada ya ripoti

Ripoti ikishatoka, kazi ya kamati inakuwa ya daftari. Kila hoja iwe na mstari wake: hoja yenyewe, chanzo chake, afisa anayehusika kwa cheo, tarehe ya kukamilisha, na ushahidi utakaoonyesha kwamba imekamilika. Neno "inashughulikiwa" si ushahidi. Kwa mfano wetu, ushahidi ni daftari la vyeti la idara ya barabara lililolinganishwa na mfumo kila mwisho wa mwezi, likiwa na saini mbili.

Kisha mwaka unaofuata, katika kikao cha kwanza na mkaguzi, swali la kufungua ni hili: "Hoja za mwaka jana mlizipima upya, au mlisoma tu majibu yetu?" Taarifa za fedha za kaunti huwa na kiambatisho kinachoeleza hatua zilizochukuliwa kuhusu mapendekezo ya mwaka uliotangulia. Kiambatisho hicho huandikwa na wasimamizi wenyewe. Kikisema hoja imetatuliwa huku ripoti ya mkaguzi ikiirudia, kamati imeshajua pa kuanzia.

Mwananchi anaweza kuona nini?

Ripoti za Mkaguzi Mkuu huchapishwa kwenye tovuti ya ofisi yake, na kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mkazi hahitaji kuwa mhasibu ili alione pengo la madeni. Chukua taarifa za miaka miwili, fungua sehemu ya madeni ambayo hayajalipwa, kisha fanya hesabu hii:

Madeni ya mwanzo wa mwaka, ongeza madeni mapya, toa yaliyolipwa. Jibu liwe sawa na madeni ya mwisho wa mwaka.

Kisha linganisha madeni ya mwisho wa mwaka uliopita na ya mwanzo wa mwaka huu. Yanapaswa kuwa yale yale. Katika kaunti yetu ya mfano, orodha isingesahihishwa, mwaka ungefungwa kwa Sh620 milioni. Mwaka uliofuata, zile Sh92 milioni zingejitokeza, ama kwenye malipo bila kuwemo katika madeni ya mwanzo, ama kwenye safu ya "madeni mapya" ingawa kazi zake zilikwisha zamani. Ukiona mradi wa kijiji chako uliozinduliwa miaka miwili iliyopita umeandikwa kuwa deni jipya, umekutana na cheti kilicholala kwenye droo.

Ukikutana nacho, usiishie kunung'unika kwenye kituo cha matatu. Andika barua kwa karani wa bunge la kaunti au kwa ofisi ya ukaguzi wa ndani, taja jina la mradi, mwaka uliokamilika, na ukurasa wa taarifa ulipouona. Mwanakandarasi naye, ambaye jina lake haliko kwenye orodha, apeleke nakala ya mkataba na ya cheti cha mhandisi, akae na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaomsaidia mkaguzi anayeanzia nje ya orodha.